Paka aliyebaki ghalani na yule aliyeondoka

Hadithi ya paka na wakulima husimuliwa kwa pumzi moja: watu walianza kulima, nafaka ikaleta panya, panya wakaleta paka, paka akawa wa nyumbani. Hakuna uongo ndani yake. Ila kadiri ninavyofuatilia mambo haya ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sehemu ngumu imerukwa. Kati ya paka kusogelea ghala usiku na paka kulala mapajani mwa mtu pana maelfu ya miaka, na ndani ya miaka hiyo wapo paka waliokuja, wakakaa vizazi na vizazi, kisha wakaondoka. Leo nataka kueleza habari za paka mmoja wa namna hiyo, aliyeishi China zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kwa kuwa bila yeye hatuwezi kuelewa vizuri huyu tuliye naye.

Lakini tuanze na panya, maana ndiye aliyetangulia.

Panya mdogo wa nyumbani, yule mwenye mkia mrefu anayepita kwenye tundu la ukubwa wa kidole, aliungana na binadamu kabla hata kilimo hakijaanza. Hili lilijulikana kutokana na meno. Watafiti walikusanya magego ya panya kutoka maeneo ya kale ya Mashariki ya Kati, likiwemo Ain Mallaha katika bonde la Hula, ambako jamii ya Wanatufi iliishi miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Wanatufi hawakulima. Walikuwa wawindaji na wachumaji wa mbegu za porini, ila tofauti na waliowatangulia, walijenga nyumba za mawe na kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Pale palikuwa na aina mbili za panya wanaofanana sana, mmoja wa porini na mwingine huyu wa nyumbani, na umbo la gego ndilo linalowatofautisha. Watu walipotulia, panya wa nyumbani aliongezeka akamfukuza mwenzake. Watu waliporudia kuhamahama, yule wa porini akarudi kwa nguvu. Yaani ukihesabu meno ya panya unaweza kujua kama watu wa kijiji kile walikuwa wametulia au walikuwa njiani.

Ili kuhakikisha kwamba jambo kama hilo linawezekana, watafiti hao walikwenda kutazama panya wanaoishi kwenye maboma ya Wamasai kusini mwa Kenya, watu ambao nao huhama kwa kiasi. Walikuta aina mbili za panya zikigawana eneo kulingana na jinsi watu wanavyokaa na kuondoka. Naupenda utafiti huu kwa sababu umeanza na mfupa mdogo kuliko punje ya mchele ukaishia kueleza tabia ya watu.

Basi kilimo kilipokuja, na nafaka ikaanza kuwekwa kwenye mashimo na maghala kwa miezi mingi, panya alikuwa tayari ameshazoea kuishi na watu. Kilichobadilika ni wingi wa chakula chake. Na penye panya wengi mahali pamoja, mwaka mzima, hapakosi mwindaji.

Mwindaji wa Mashariki ya Kati na Afrika alikuwa pakamwitu wa Afrika, ambaye watu wengine humwita kimburu: mnyama wa rangi ya mchanga mwenye mistari hafifu, anayeishi peke yake na kulinda eneo lake kwa ukali. Ushahidi wa zamani kabisa wa mnyama huyu kuwa karibu na mtu kwa namna ya pekee unatoka kisiwa cha Saiprasi. Mwaka 2004, Jean-Denis Vigne na wenzake walitangaza kaburi la miaka ipatayo 9,500 iliyopita kutoka kijiji cha kale cha Shillourokambos. Ndani yake alilazwa mtu pamoja na zana za mawe yaliyosuguliwa, magamba ya baharini na udongo mwekundu, na umbali wa kama sentimita 40 kutoka kwake, katika shimo lake lenyewe, alilazwa paka wa umri wa miezi minane hivi. Mifupa ya paka ilikuwa imeshikana mahali pake, haina alama ya kisu. Hakuchinjwa aliwe. Alizikwa.

Uzito wa kaburi hilo umo katika jambo jingine: Saiprasi haikuwa na paka wa asili. Bahari inayoitenga na bara ina upana wa makumi ya kilomita, kwa hiyo lazima mtu fulani aliwapakia paka chomboni akavuka nao. Wakulima wale walivuka pia na mbegu, mbuzi, mbwa, na bila kukusudia, panya. Unaweza kufikiri kwamba paka walipelekwa ili kukabiliana na panya, na huenda ni kweli. Ila mifupa ya paka yule ilikuwa bado na ukubwa wa pakamwitu. Alikuwa mnyama wa mwituni aliyezoeana na watu, labda mmoja aliyelelewa tangu mtoto. Kumzoea mnyama mmoja ni jambo la maisha yake tu. Kufugwa kwa maana kamili ni jambo la ukoo wake: watoto wake na wajukuu wake wanazaliwa wakiwa tayari tofauti na ndugu zao wa porini. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana ndipo penye mtego ulionasa watu wengi wenye akili.

Sasa tuje China.

Katika mkoa wa Shaanxi kuna kijiji cha kale kiitwacho Quanhucun, kilichokaliwa na wakulima wa nafaka ndogondogo za jamii ya uwele. Wanaakiolojia walipata humo mashimo ya kuhifadhia nafaka, na kando yake njia zilizochimbwa na mnyama wa jamii ya panya anayefanana na fuko, zikielekea moja kwa moja kwenye akiba. Walipata pia vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa umbo linalomzuia panya kupanda. Kwa maneno mengine, tatizo la wakulima lilionekana wazi, na jitihada zao za kulitatua zilionekana pia. Halafu kwenye mashimo ya takataka ikapatikana mifupa minane ya paka, ya wanyama wasiopungua wawili, yenye umri wa miaka ipatayo 5,300.

Swali lilikuwa: paka hawa walikula nini? Jibu linaweza kusomwa ndani ya mfupa. Nafaka za jamii ya uwele hukamata kaboni kutoka hewani kwa njia tofauti na miti na majani mengi ya maeneo hayo, na njia hiyo huacha ndani ya mmea kiasi kikubwa zaidi cha kaboni nzito. Anayekula nafaka hizo hubeba alama hiyo kwenye mifupa yake, na anayemla mlaji naye huibeba. Nitrojeni nayo ina kazi yake: kila unapopanda ngazi moja, kutoka mmea kwenda kwa mla majani, na kutoka mla majani kwenda kwa mla nyama, nitrojeni nzito huongezeka. Ukipima vitu hivi viwili kwa pamoja unajua chakula cha mnyama kilianzia wapi na yeye mwenyewe alikuwa ngazi ya ngapi.

Swala na sungura wa pale walionyesha kwamba walikula majani ya porini. Watu, nguruwe, mbwa na panya walionyesha nafaka ya shambani. Na paka walionyesha nyama ya wanyama waliokula nafaka ile. Mnyororo mzima ukajitokeza: nafaka, panya, paka. Zaidi ya hapo, paka mmoja alikuwa na alama ndogo ya nyama na alama kubwa ya nafaka kuliko mwindaji wa kawaida, kana kwamba aliokota mabaki ya watu au alipewa chakula. Na mwingine alikuwa mzee, meno yamesagika. Pakamwitu mzee mwenye meno mabovu hana maisha marefu porini, lakini huyu alikuwa ameendelea kuishi.

Utafiti ulipotoka, mwanzoni mwa mwaka 2014, ulipokelewa kwa furaha, na ninaelewa sababu. Nadharia ya ghala na panya, iliyokuwa ikisimuliwa kwa kukisia, sasa ilikuwa na vipimo. Watafiti wenyewe, wakiongozwa na Yaowu Hu na Fiona Marshall, walikuwa waangalifu. Walisema wazi kwamba aina ya paka bado haijathibitishwa. Uangalifu huo ulistahili kusikilizwa zaidi ya ulivyosikilizwa.

Miaka miwili baadaye Vigne, yule yule wa Saiprasi, akiwa na wenzake wa Uchina, alichukua mataya ya chini kutoka Quanhucun na maeneo mengine ya Shaanxi na Henan. Mifupa ya paka wadogo wa aina mbalimbali hufanana mno kwa macho, kwa hiyo waliweka alama katika sehemu zile zile za kila taya, wakapima jinsi alama hizo zinavyokaa kuhusiana, wakalinganisha na mataya ya paka wanaojulikana. Jibu halikuwa na utata. Wote walikuwa paka-chui wa Asia, mnyama mdogo mwenye madoa meusi, ambaye nasaba yake iliachana na ya paka wa nyumbani mamilioni ya miaka iliyopita.

Tafakari maana yake. Mnyama mwingine kabisa, katika nchi ya mbali, bila uhusiano wowote na yule wa Mashariki ya Kati, alifuata njia ile ile: wakulima, nafaka, panya, na hatimaye mwindaji mdogo pembeni mwa makazi. Kilimo kilifungua nafasi, na yeyote aliyekuwa karibu akaiingia.

Kisha ikaja habari ya mwisho wake. Mwaka 2025 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya mabaki 22 ya paka kutoka maeneo ya kale ya China. Ulionyesha kwamba paka-chui waliendelea kuishi karibu na watu kwa zaidi ya miaka 3,500, hadi karne za mwanzo baada ya Kristo. Halafu wanatoweka kwenye rekodi ya makazi. Linafuata pengo la karne kadhaa, na ndipo paka wa nyumbani anajitokeza katika zama za utawala wa Tang, karne ya 8, akiwa na asili ya magharibi; kwa kila dalili aliletwa na wafanyabiashara wa Njia ya Hariri. Paka-chui alirudi misituni, na huko yupo hadi leo. Wapo wanaohusisha kuondoka kwake na ongezeko la ufugaji wa kuku, kwa kuwa mnyama yule ni mwizi mkubwa wa kuku na mwizi hapendwi. Hoja hiyo inaniingia akilini, ingawa naona vita na kuporomoka kwa kilimo baada ya utawala wa Han navyo vilipunguza ile akiba ya nafaka iliyomvuta.

Miaka 3,500 ya ujirani haikumfanya awe wa nyumbani. Ndiyo maana siridhiki na sentensi ile ya mwanzo. Nafaka na panya vinatosha kumleta paka mlangoni. Kumfanya avuke kizingiti na kubaki kunahitaji kitu kingine.

Mtego huo huo ulirudi Ulaya, safari hii kwa njia ya vinasaba. Mwaka 2017 timu ya Claudio Ottoni ilichapisha matokeo ya DNA ya paka wa kale zaidi ya 200. Walitumia DNA ya mitokondria, ambayo hudumu vizuri katika mifupa mikongwe kwa kuwa kila seli ina nakala zake nyingi. Waliona alama ya paka wa Mashariki ya Kati ndani ya mifupa ya kusini mashariki mwa Ulaya ya miaka zaidi ya 6,000 iliyopita, na maelezo ya kawaida yakawa kwamba wakulima wa kwanza walihamia Ulaya wakiwa na paka zao. Ilikuwa picha nzuri iliyokaa sawasawa na kila tulichokijua kuhusu kuenea kwa kilimo.

Shida ya mitokondria ni kwamba hurithiwa kwa mama peke yake. Mama mmoja wa kigeni, vizazi vingi nyuma, anaweza kuacha alama yake ikipita kutoka binti hadi binti huku sehemu nyingine yote ya ukoo ikiwa ya baba wa kienyeji. Timu hiyo hiyo iliporudi kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama, na kutangaza matokeo mwaka 2025, ikakuta ndivyo ilivyokuwa. Paka wale wa Ulaya ya kale walikuwa pakamwitu wa Ulaya ambao mababu zao walizaana zamani na pakamwitu wa upande wa pili, pale maeneo yao yalipokutana. Paka wa nyumbani wa kweli anaonekana Ulaya kuanzia kama miaka 2,000 iliyopita tu, katika zama za dola ya Roma, na jenomu yake inaelekeza kaskazini mwa Afrika. Nawaheshimu sana watafiti hawa kwa kurudi kwenye mifupa yao na kuibomoa picha waliyoichora wenyewe.

Kwa hiyo wakulima wa kwanza wa Ulaya walilima kwa maelfu ya miaka bila paka wa nyumbani. Na Misri, ambayo kwa muda fulani watu walianza kuiona kama kituo cha njiani tu, imerudi katikati ya mjadala. Kule Hierakonpolis, kwenye makaburi ya miaka ipatayo 5,800 iliyopita, lilipatikana shimo lenye paka sita: dume, jike na watoto wanne wa mimba mbili tofauti, jambo linalodokeza kwamba walitunzwa na watu. Miaka 3,500 hivi iliyopita michoro ya makaburini inaonyesha paka ameketi chini ya kiti cha mwenye nyumba. Baadaye inakuja ibada ya mungu wa kike Bastet, mahekalu yenye paka wengi, na mumia za paka kwa idadi kubwa kiasi kwamba mwaka 1890 shehena yenye uzito wa tani zipatazo 19 ilipelekwa Liverpool kusagwa iwe mbolea. Joto la Misri huharibu DNA, ndiyo maana mifupa ya huko imekuwa migumu kutoa ushahidi, lakini mtu akiniuliza ni wapi paka alibadilika kutoka jirani kuwa mwenyeji, mimi naelekeza kidole Misri na majirani zake. Pale palikuwa na maghala kwa kiwango kikubwa, na palikuwa pia na watu waliomtaka paka kwa ajili ya paka mwenyewe, wakamlisha na kumzalisha kizazi baada ya kizazi.

Na palikuwa na mnyama anayefaa. Hapa ndipo tofauti kati ya pakamwitu mmoja na mwingine inapoonekana. Georg Schweinfurth, msafiri wa Kijerumani aliyepita katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini kati ya 1868 na 1871, aliandika kwamba Wabongo, kabila la huko, walikuwa wakiwakamata pakamwitu wakiwa wachanga, na kwamba wanyama hao walizoea maisha ya vibandani na uani bila taabu, wakakua wakipigana na panya. Yeye mwenyewe alikuwa akipoteza vielelezo vyake vya mimea kwa panya, akachukua paka kadhaa wa aina hiyo, akawafunga karibu na mizigo yake usiku, akapata kulala. Wabongo hawakuwazalisha paka hao. Kila kizazi kilikamatwa upya kutoka porini. Inawezekana kabisa kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Saiprasi miaka 9,500 iliyopita. Pakamwitu wa Ulaya, kwa upande wake, amejulikana tangu zamani kwa ukali usiopungua hata akilelewa kwa chupa tangu hajafungua macho vizuri.

Sasa, huyo aliyebaki alibadilika nini?

Wengi huanza na rangi, lakini rangi ilichelewa sana. Paka wa Misri katika michoro wana mistari ile ile ya porini. Yale mabaka mapana ya kuzunguka ubavuni, ambayo leo yanaonekana kwa paka wengi sana, yanatokana na badiliko katika jeni moja iitwayo Taqpep, na katika mifupa ya kale badiliko hilo halionekani hadi karne ya 14, zama za Waosmani. Paka wa maonyesho, wenye nyuso bapa na manyoya marefu, karibu wote ni kazi ya miaka 150 iliyopita; onyesho la kwanza kubwa la paka lilifanyika London mwaka 1871. Kwa sehemu kubwa ya historia yake hakuna aliyemchagulia paka mwenza. Alizaana na amtakaye, na dume wa porini alikuwa sehemu ya mchezo.

Badiliko la kwanza lilikuwa la hofu. Jenomu ya paka ilipolinganishwa na ya pakamwitu mwaka 2014, sehemu zilizoonyesha dalili ya kuchaguliwa zilikuwa chache, chache kuliko za mbwa, na nyingi kati yake zilihusu hofu, kumbukumbu na jinsi ubongo unavyojifunza kutokana na zawadi. Hii inaeleweka kwa jinsi ghala linavyofanya kazi. Paka anayekimbia mbio kila asikiapo nyayo hutumia nguvu nyingi na hula kidogo. Anayejificha tu hadi mtu apite hula zaidi, na anayebaki kumtazama mtu hula kuliko wote. Hakuna mkulima aliyelazimika kuchagua. Mlo wenyewe ulichagua. Fuvu nalo lilipungua: vipimo vilivyorudiwa mwaka 2022 vilithibitisha kwamba paka wa nyumbani ana nafasi ndogo ya ubongo kuliko pakamwitu wa Ulaya na hata kuliko yule wa Afrika aliye mzazi wake, na machotara wako katikati.

Utumbo ulirefuka. Darwin, akiwanukuu waliomtangulia, aliandika kwamba utumbo wa paka wa nyumbani ni mrefu kwa theluthi moja kuliko wa pakamwitu, akalihusisha jambo hilo na chakula mchanganyiko. Hata hivyo asidhani mtu kwamba paka aligeuka mla nafaka. Bado hawezi kujitengenezea kirutubishi kiitwacho taurini cha kutosha, bado anahitaji vitamini A iliyo tayari ndani ya nyama, na jeni inayomwezesha mnyama kuonja utamu imekufa kwake kama ilivyokufa kwa simba na chui. Ukimlisha ugali mtupu atadhoofika, macho na moyo vitaharibika. Mbwa aliongeza uwezo wa kumeng'enya wanga alipoungana na wakulima. Paka aliishi nao ghalani muda wote huo akiendelea kula nyama iliyokula nafaka.

Uzazi uliongezeka. Pakamwitu wa kike kwa kawaida huzaa mara moja kwa mwaka, wa nyumbani huzaa mara mbili au tatu, maana chakula chake hakina msimu.

Na sauti. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Pakamwitu mkubwa huita mara chache. Nyau ni lugha ya mtoto kwa mama yake. Paka wa nyumbani hubaki nayo hadi uzee, na humwelekezea mtu zaidi kuliko paka mwenzake. Mtafiti Nicholas Nicastro alilinganisha sauti za paka wa nyumbani na za pakamwitu wa Afrika wa bustani ya wanyama, akawasikilizisha watu. Za wa nyumbani zilikuwa fupi na nyembamba zaidi, na wasikilizaji waliziona zinapendeza kuliko zile nyingine. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake waligundua kitu cha ajabu zaidi katika ule mkoromo wa paka anapodai chakula: ndani yake amechomeka mlio mwembamba wenye masafa yanayokaribia ya kilio cha mtoto mchanga, na hata mtu asiyefuga paka anaposikia huona kwamba jambo ni la haraka. Mkia ulioinuliwa wima kwa salamu nao ni wa jamii hii hii. Pakamwitu wakubwa hawana desturi ya kusalimiana hivyo, kwa kuwa hawana wa kumsalimia. Paka waliorundikana penye chakula cha watu walihitaji ishara ya kuambiana kwamba sikuji kwa shari.

Pamoja na yote hayo, kila paka bado huamuliwa upya. Kuanzia wiki ya pili hadi ya saba hivi ya maisha yake, mtoto wa paka anajifunza nani ni rafiki. Akishikwa na watu katika siku hizo, hata kwa muda mfupi kila siku, atakua akiwaamini. Asiposhikwa, atakua akiwakimbia, na kumbadilisha akiwa mkubwa ni kazi ngumu ambayo mara nyingi hushindikana. Vinasaba vimempa uwezo wa kuzoea, ila mtu lazima awepo kwa wakati. Ndiyo maana paka wa nyumbani anaweza kurudi mwituni katika kizazi kimoja.

Anaporudi huko anakutana na mzazi wake. Paka wa nyumbani na pakamwitu wa Afrika bado wanazaana bila kizuizi, na watoto wao wanazaa pia. Yule paka-chui wa Asia hakuacha alama kama hiyo. Watu walipokuja kumchanganya na paka wa nyumbani kwa makusudi katika karne ya 20, madume wa kizazi cha kwanza walitoka tasa. Kwa pakamwitu wa Afrika njia iko wazi pande zote mbili, na karibu na mashamba damu ya paka wa nyumbani imeshaingia sana porini. Ukitaka kumtambua wa asili, usitegemee mistari. Tazama miguu ya mbele, ambayo ni mirefu kiasi kwamba akiketi kifua chake husimama karibu wima, kama sanamu za shaba za Bastet. Kisha subiri ageuke utazame nyuma ya masikio: ya pakamwitu wa kweli ni mekundu ya udongo, na kwa chotara rangi hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kupotea.